Mapigo sitini na manne

Shangazi yangu alikuwa akiongoza mazoezi ya akina mama kila Jumamosi alfajiri, katika ukumbi mmoja huku Nsambya, Kampala, karibu na nyumba za reli tulikokulia. Kanda yake ya video ya aerobiki ilikuwa ya miaka ya tisini, zawadi kutoka ng'ambo. Mwaka 2015 niliihamishia kwenye kompyuta, lakini hilo halikumtosha.

"Huyu mzungu ananipigia kelele juu ya muziki wangu," alisema. "Mimi nawahesabia watu wangu kwa Kiswahili, yeye naye anahesabu kwa Kiingereza. Nitafutie wimbo wenyewe, mwanangu, ule wa kinanda."

Wimbo wa kinanda haukuwa na neno hata moja la kuimbwa, na mwishoni mwa kanda hakukuwa na orodha ya nyimbo. Nikafungua Shazam, programu ya kutambua nyimbo, kwenye simu, nikaiweka mbele ya spika. Haikutambua kitu. Nilidhani ni sauti ya mwalimu, nikatafuta sekunde kumi na tano ambazo amenyamaza. Bado kimya.

Ikabidi nihesabu mapigo, huenda kasi ya wimbo ingenipa jina. Mara ya kwanza nilihesabu kwa sekunde 15 nikazidisha kwa nne, nikapata 72. Shangazi alicheka. Nilikuwa nafuata makofi, yanayoanguka kila baada ya pigo moja, badala ya ngoma nzito ya chini ambayo miguu huifuata. Tena hesabu fupi namna ile ni hatari, kwa kuwa ukikosea pigo moja tu, kwa dakika umekosea manne. Akaniambia nihesabu kama wanavyohesabu wao: moja hadi nane, mara nne, ndipo mwalimu anabadilisha hatua. Nikachukua mafungu mawili ya namna hiyo, yaani mapigo 64, saa mkononi. Sekunde 27. Nilirudia mara tatu, ikawa ileile. Mapigo 142 kwa dakika.

Namba hiyo peke yake haikunipa jina. Aliyenisaidia ni jirani yetu anayepiga kinanda kanisani. Alisikiliza, akajaribu kuufuata wimbo kwa vidole, akakunja uso. Kila noti ilikuwa inaanguka katikati ya vibonye viwili: huku chini mno, kule juu mno. "Kinanda changu hakina kosa," alisema. "Huu wimbo umekimbizwa."

Hapo nikaelewa kwa nini simu ilishindwa. Watengenezaji wa kanda za mazoezi huongeza kasi ili miguu ifanye kazi zaidi, na zamani, ukiongeza kasi ya sahani au mkanda, sauti nayo ilipanda. Kupanda kibonye kizima ni kama asilimia sita. Wetu ulikuwa umepanda zaidi kidogo ya nusu.

Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikachagua `Change Speed`, si `Change Tempo`, kwa kuwa hiyo nyingine hubadilisha kasi na kuiacha sauti palepale ilipo. Nikaanza na asilimia -2, kisha -3, jirani akijaribu vibonye kila mara. Umeme ukakatika, tukanywa chai, ukarudi. Kwenye -3.5 akatabasamu, noti zote zikakaa mahali pake. Nikapiga hesabu: 142 mara 0.965, sawa na 137.

Nikaielekeza tena simu kwenye spika. Safari hii jina lilitokea: Children, wa Robert Miles, wa mwaka 1995. Nilikuwa nimeusikia utotoni mara nyingi bila kujua unaitwaje.

Shangazi aliposikia wimbo halisi alinuna. "Huu umechoka." Nikaurudishia kasi, na hapo nusura nikosee: ukishusha asilimia 3.5, kurudi ulikotoka unahitaji 3.6 na ushei.

Jumamosi wakaanza. Ilipofika sehemu ambayo ngoma inaondoka kinabaki kinanda, akina mama wakajinyoosha kama walivyozoea, Shangazi akaita "saba, nane," akaruka. Ngoma haikurudi. Akatua peke yake ukumbi mzima ukimtazama, kisha kicheko.

Sikuwa nimelinganisha mabadiliko, kasi tu. Jioni nikaketi na karatasi, nikichora mstari kwa kila nane, kanda upande huu na wimbo upande ule. Mistari ililingana hadi kwenye ule utulivu. Hapo aliyetengeneza kanda alikuwa amekata nane nne ili ngoma iwahi. Nikakata zilezile, pale pale kabla ya pigo la kwanza, nikampelekea kwenye flashi.

"Saba, nane," aliita Jumamosi iliyofuata, akinitazama mimi niliyesimama mlangoni. Wakaruka wote.