Nilivyoihakiki taarifa ya kadi yangu ya mkopo baada ya safari ya nyumbani

Naishi Houston, Texas, na kadi yangu ya mkopo ni ya benki ya hukuhuku. Julai, niliporudi kutoka Dar na Zanzibar, taarifa ya mwezi ilikuwa na mistari ambayo miezi mingine siioni: riba ya dola 23.13, ada mbili za manunuzi ya nje, na malipo ya chini yanayotakiwa, dola 35. Niliamua kutolipa hata senti mpaka nijue kila namba imetoka wapi. Ilinichukua jioni moja, na karibu zote zilikuwa sahihi. Ile moja iliyokuwa na walakini haikuwa niliyoitilia shaka.

Kwanza hali ilivyokuwa. Mwezi wa nyuma gari lilikuwa limeniharibikia, kwa hiyo nilikuwa na deni la dola 1,240 ambalo sikulimaliza. Mzunguko wa taarifa hii ulianza tarehe 9 Juni ukafungwa tarehe 8 Julai, yaani siku 30. Tarehe 24 Juni nililipa dola 400. Halafu yakaingia manunuzi mawili ya safarini, hoteli ya Zanzibar na duka la vifaa vya umeme Dar nilikomnunulia mama feni na jiko.

Nilianza na riba, kwa sababu ndiyo inayowachanganya wengi. Wengi huchukua riba ya mwaka, wakaigawa kwa 12, wakazidisha kwa deni lililoandikwa mwisho wa taarifa, halafu wakishangaa jibu halifanani wanasema wameibiwa. Kadi nyingi za Marekani hazihesabu hivyo. Riba huhesabiwa kwa siku, juu ya deni lililokuwepo siku ile. Yangu ni asilimia 24.99 kwa mwaka, na kiwango hicho kimeandikwa nyuma ya taarifa, kwenye jedwali lenye kichwa Interest Charge Calculation. Ukigawa kwa 365 unapata kama asilimia 0.0685 kwa siku. Ni kidogo mno kwa macho, ila hakiruki siku.

Basi nikaandika deni la kila siku kwenye eksel, mstari mmoja kwa siku moja. Tarehe 9 hadi 23 Juni, siku 15, deni lilikuwa dola 1,240. Baada ya malipo yangu likawa 840 kwa siku 7. Tarehe 1 Julai hoteli ikaingia na ada yake, deni likapanda hadi 1,050.69 kwa siku 3. Tarehe 4 Julai duka likaingia, likawa 1,159.87 kwa siku 5 zilizobaki. Jumla ya madeni ya siku zote 30 ni 33,431.42. Nikizidisha na riba ya siku moja napata dola 22.89.

Benki iliandika 23.13. Pengo la senti 24.

Pengo hilo lina maelezo, na yamo kwenye mkataba wa kadi: benki yangu huongeza riba ya leo kwenye deni la kesho, kwa hiyo riba nayo inazaa riba. Nilibadilisha hesabu ili kila siku ibebe riba ya siku zilizotangulia. Deni likiwa safu ya B na riba safu ya C, mstari wa kwanza ukiwa wa vichwa, fomula ya siku ya kwanza ni hii, kisha unaiburuta hadi chini:

```
=(B2+SUM(C$1:C1))*24.99%/365
```

Jumla ya safu ya C ikatoka 23.13 kamili. Hapo nikajua benki ilitumia tarehe zilezile nilizotumia mimi. Jambo la tarehe si dogo. Taarifa huonyesha tarehe mbili kwa kila ununuzi, siku uliyopitisha kadi na siku muamala ulipoingia kwenye hesabu. Benki yangu huanza kuhesabu riba siku ya kuingia, lakini zipo zinazoanza na siku ya ununuzi wenyewe. Kama hesabu yako inapungua kwa senti chache na riba juu ya riba umeshaiweka, jaribu hizo tarehe nyingine kabla ya kupiga simu.

Kuna jambo ambalo huenda umeshajiuliza: kwa nini hoteli ya Julai itozwe riba tangu siku ilipoingia, wakati hata taarifa yake haijatoka? Kwa sababu siku za bila riba ni za yule aliyelipa deni lote la taarifa iliyopita. Ukibakiza deni, siku hizo zinakatika hata kwa manunuzi mapya. Hilo halikunifurahisha, ila ndivyo mkataba ulivyo.

Nikahamia kwenye fedha za kigeni. Hoteli ilikuwa shilingi za Tanzania 540,000, na taarifa iliandika dola 204.55. Ukigawa unapata shilingi 2,640 kwa dola, na hicho ndicho kiwango cha kupima. Anayekipanga si benki, ni mtandao wa kadi, na Visa na Mastercard wote wana ukurasa wa kukokotolea viwango vyao vya siku zilizopita. Unaweka sarafu ya kadi, sarafu uliyonunulia, na tarehe. Sehemu ya ada ya benki nilijaza sifuri, maana ada hiyo taarifa yangu huiandika peke yake na sikutaka kuihesabu mara mbili.

Nilipoweka tarehe 29 Juni, siku niliyolipa hotelini, ukurasa ulitoa shilingi 2,625, ambazo zingenifanya nidaiwe dola 205.71. Nilipoweka tarehe 1 Julai ukatoa 2,640. Kumbe kiwango kinachotumika ni cha siku mtandao unapouchakata muamala, si cha siku unayosimama mapokezini. Safari hii ilininufaisha kwa dola moja na ushee. Siku nyingine inaweza kuniumiza, na hakuna la kulalamikia. Ada ya benki ni asilimia 3: 204.55 mara 0.03 ni 6.14, na ndivyo ilivyoandikwa.

Duka la Dar ndilo lililokataa kukubaliana na hesabu. Risiti ilikuwa ya shilingi 264,000. Kwa kiwango cha siku ile, ambacho pia kilikuwa 2,640, ningetarajia dola 100 kamili. Taarifa ilisema 106. Ukigawa, dola imehesabiwa kwa shilingi 2,491 hivi, kiwango ambacho hukipati kwa mtandao wa kadi wala duka la kubadilishia fedha. Chini yake ilikuwepo ada ya nje ya 3.18, ambayo ni asilimia 3 ya 106.

Nilimtumia mdogo wangu picha ya taarifa, kwa kuwa tulikuwa naye dukani. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, "Lakini dada, si wamekuandikia dola moja kwa moja? Sasa wamekutoza ya kubadilisha ya nini?"

Swali lake lina mambo mawili ndani. La kwanza, mashine za kadi zinapotambua kadi ya nje zinaweza kumuuliza mteja kama alipe kwa sarafu ya nchi au sarafu ya kadi yake. Ukichagua sarafu ya kadi, kubadilisha kunafanywa palepale na kampuni inayohudumia mashine, kwa kiwango chake chenye faida yake ndani. Siku ile muuzaji alishika mashine mwenyewe, akabonyeza, akanikabidhi niweke namba ya siri tu. Skrini ya kuchagua sikuonyeshwa. La pili ni ada ya asilimia 3. Katika mkataba wangu inafuata mahali duka lilipo, si sarafu iliyoandikwa. Duka likiwa nje ya Marekani, unalipa hata kama risiti ni ya dola. Kwa hiyo ada yenyewe ilikuwa halali, ila ilihesabiwa juu ya kiasi kilichovimba.

Risiti ya karatasi ndiyo iliyonisaidia. Chini, kwa maandishi madogo, ilikuwa na shilingi, dola, na kiwango kilichotumika, pamoja na maneno kwamba mteja amechagua dola. Kanuni za mitandao ya kadi zinataka mteja achague mwenyewe. Niliiandikia benki kwamba sikupewa nafasi ya kuchagua, nikaambatanisha picha ya risiti na hesabu mbili: nilichotozwa, 106 na 3.18, na ambacho ningetozwa kwa shilingi, 100 na 3. Tofauti ni dola 6.18, na ndiyo niliyodai peke yake. Kudai muamala mzima urudishwe wakati feni iko kwa mama inazunguka kungeniharibia hoja.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu makosa ya taarifa za mikopo inakupa siku 60 tangu taarifa yenye kosa ilipotumwa, na barua iende kwenye anwani ya malalamiko ya bili, ambayo mara nyingi si ile ya kupelekea malipo. Benki inatakiwa kukiri imeipokea ndani ya siku 30 na kumaliza suala ndani ya mizunguko miwili ya bili, isizidi siku 90. Simu ni sawa kwa kuuliza, lakini haki hizo zinalindwa na maandishi. Dola 6.18 zilirudi kwenye mzunguko uliofuata. Nakiri kwamba kiasi chenyewe hakikustahili ubishi huo wote. Nilitaka kujua kama njia inafanya kazi.

Malipo ya chini yalikuwa rahisi baada ya hayo. Deni jipya lilikuwa 1,183. Mkataba wangu unasema malipo ya chini ni asilimia 1 ya deni jipya pamoja na riba ya mwezi, isipungue dola 30, kisha inafikishwa kwenye dola kamili iliyo karibu. Asilimia 1 ni 11.83, ukiongeza 23.13 unapata 34.96, ndiyo ikawa 35. Itazame vizuri hiyo 35: dola 23.13 zinakwenda kwenye riba, zinazopunguza deni ni 11.87 tu. Ndiyo maana tangu sheria ya kadi ya 2009 taarifa lazima iwe na kisanduku kinachosema utachukua muda gani kumaliza ukilipa kiasi cha chini peke yake.

Niliamua kulipa zote 1,183. Tarehe ya mwisho ilikuwa 5 Agosti, na hapo pana jambo la kuangalia. Deni hilo lilikuwa likizaa senti 81 kwa siku kuanzia 9 Julai, siku moja baada ya hesabu kufungwa. Kulipa tarehe 5 Agosti kungekuwa ndani ya muda kabisa, bila faini yoyote, ila zingeshapita siku 27, sawa na dola 21.87 au zaidi kidogo. Nililipa tarehe 12 Julai. Taarifa ya Agosti ikaja na riba ya dola 2.43 juu ya deni ambalo tayari nilikuwa nimelimaliza, siku tatu kwa senti 81.