Magoti ya dereva yalinipa jibu

Jana nilikuwa napanga picha za mitaa ya Kariakoo: bodaboda huku, skuta kule. Moja ilinikwamisha, maana mizigo ilifunika karibu pikipiki yote. Nikatazama magoti ya dereva. Kwenye bodaboda, tangi la mafuta liko kati ya kiti na usukani, kwa hiyo magoti hulibana. Skuta ina sakafu bapa hapo, na miguu hukaa mbele pamoja. Huyu aliiweka miguu pamoja, na magurudumu yalikuwa madogo, kama inchi 10. Ya bodaboda nyingi ni 17. Basi ni skuta, ingawa ilibeba abiria kama bodaboda! Mopedi ya zamani naitambua kwa pedeli. Bajaji ikipigwa picha kwa mbele huweza kuonyesha gurudumu moja tu, ila paa na kioo kipana huitambulisha.