Jinsi nilivyoipata lehemu iliyoachia chini ya chipu

Bodi niliyoijenga hapa Malindi ilikuwa ikikosea namba, na lehemu zake ziko chini ya chipu, jicho haliwezi kuziona. Nilianza kusoma IDCODE, namba ya utambulisho ya kila chipu, kupitia mnyororo wa skani ya mipaka, yaani saketi ya majaribio inayopita chipu moja hadi nyingine na kuziamuru au kuzisoma pini zake. Chipu zote mbili zilijibu, kwa hiyo mnyororo wenyewe ulikuwa mzima. Nikaingia EXTEST, hali ya kupima miunganisho kati ya chipu: chipu ya kwanza itoe 0 kisha 1 kwenye kila njia inayoziunganisha, ya pili isome. Njia moja iling'ang'ania 1.

Huenda imegusana na umeme? Niliivuta hadi graundi kwa rezista ya omu 1,000, huku ya kwanza ikiamriwa kutoa 1. Ya pili ikasoma 0. Rezista hiyo isingeushinda umeme, wala chipu ya kwanza kama ingekuwa imeshika. Basi umeme haukuigusa, na lehemu ya chipu ya pili ilishika; iliyoachia ni ya kwanza. Nikaipaka fluksi, nikaipasha kwa hewa moto. Njia ikafuata 0 na 1.