Neno moja la bibi, jioni nzima

Jana hapa Lamu tulikuwa tukiingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni fupi ya Kiingereza. Bibi mlangoni anamwita mjukuu: "Kam hom." Sekunde moja na nusu, midomo inafumba mara mbili. "Rudi nyumbani" ilikaa vizuri kwenye karatasi, lakini skrini ikaikataa: bibi ameshafumba mdomo, sauti bado inasema "ni". Maneno yetu huishia irabu, mdomo wazi! Tukajaribu mpaka punda wa nje wakanyamaza. Mama aliyeigiza sauti ndiye aliyeipata: "Hebu njoo, mm?" B ikafumba, "njoo" ikaviringa, "mm" ikafunga. "Nyumbani" tumeliacha, mlango wenye taa unaonekana nyuma yake. Nilisisimka mwili mzima.