Ile 0.06 tuliyoijadili Tabora

Semina ya mbinu za utafiti Tabora mwaka ule ilikwama kwenye namba moja: p = 0.06. Ilitoka kwenye jaribio la ANDROMEDA-SHOCK la 2019, lililofanyika katika nchi 5 za Amerika Kusini. Wagonjwa 424 wenye mshtuko wa sepsisi waligawanywa sawa. Kundi moja lilitibiwa kwa kufuata kipimo cha lakteti kwenye damu, lingine kwa kufuata kidole: unakandamiza ncha ya kidole cha shahada kwa kioo cha hadubini hadi ngozi ipauke, unashikilia sekunde 10, unaachia. Rangi isiporudi ndani ya sekunde 3, damu haifiki vizuri. Katika siku 28 walifariki 74 upande wa kidole na 92 upande wa lakteti. Uwiano wa hatari ya kifo, kidole kwa lakteti, ulikuwa 0.75, na ukomo wa asilimia 95 kati ya 0.55 na 1.02.

"Kwa hiyo kidole hakifai?" aliuliza muuguzi mmoja. Sivyo. Hiyo p haisemi uwezekano wa tiba kufaa. Inasema tofauti kubwa kiasi hiki, au zaidi, ingetokea mara ngapi kama vipimo vyote viwili vingekuwa sawa kabisa.

Hapo ndipo ukaletwa uchambuzi wa Bayes, unaounganisha dhana ya awali na data: uwezekano wa kidole kupunguza vifo ni asilimia 97. Ukumbi ukachangamka, bure tu. Hesabu ile ilianza bila dhana yoyote ya awali, na ukianza hivyo unapata takriban 1 − p/2, yaani 0.06 ileile imebadilishiwa kanga.

Tukaweka dhana ya mtu mwenye shaka: kabla ya jaribio, anaamini hakuna tofauti, na uwiano huenda uko kati ya 0.5 na 2, yaani mtawanyiko wa 0.354 kwenye logi.

```r
b <- log(0.75)
s <- (log(1.02) - log(0.55)) / 3.92
w <- 1/s^2 + 1/0.354^2
m <- (b/s^2) / w
pnorm(0, m, sqrt(1/w))
1 - pnorm(log(1.1), m, sqrt(1/w))
```

Mstari wa tano ulitoa 0.95. Wa mwisho ndio ulionivutia. Pasipo mashine ya lakteti, swali si kama kidole ni bora, ni kama kinaua zaidi. Uwezekano wa kuongeza hatari kwa zaidi ya asilimia 10 ulitoka kama 0.01. Tulipobana shaka zaidi, tukaweka 0.2 badala ya 0.354, faida ilishuka hadi 0.92, lakini madhara yalibaki karibu palepale.

Mtakwimu wetu akapinga, na kwa haki: ukomo wa 1.02 ulikwisha kuonyesha hivyo. Kilichoongezeka ni namba ya kupimia uamuzi, tena kwa sharti dhana iandikwe kabla ya kuona matokeo. Ukiichagua baadaye, unaipata asilimia unayoitaka.

Kuhusu wodi isiyo na chumba cha wagonjwa mahututi kama vile vya jaribio, hesabu hii haina la kusema.