Mistari Miwili ya Daftari la Mjomba

Likizo ile nilikwenda kwa mjomba, Tandahimba, nikiwa na makala ya wanafalsafa Andy Clark na David Chalmers ya mwaka 1998, inayodai kwamba akili ya mtu haiishii kwenye fuvu lake. Mfano wao mkuu ni Otto, mgonjwa wa Alzaima anayeandika kila jambo daftarini. Akitaka kwenda kwenye jumba la sanaa za kisasa jijini New York, husoma humo kwamba liko mtaa wa 53, wakati Inga, mwenye kumbukumbu timamu, huutafuta mtaa huohuo kichwani. Ikiwa tunakubali kwamba Inga aliujua mtaa ule hata kabla ya kuukumbuka, wanasema, basi Otto naye aliujua kabla ya kufungua daftari.

Mjomba hesabu zilikuwa zimeanza kumponyoka, na daftari lake halikutoka mfukoni mwa koti. Jioni moja jirani alikuja kuulizia deni la salfa ya mikorosho.

"Shikamoo mzee. Nadhani tumeshamalizana."

"Marahaba. Ngoja." Akafungua. "Ulichukua mifuko miwili, umerudisha mmoja. Bado mmoja."

Jirani akamwonyesha mstari wa chini, wenye wino mwingine: wa pili amerudisha. Mjomba akausogeza karibu na taa. "Huu si mwandiko wangu," akasema, akamwita binti yake, ambaye alieleza kwamba aliupokea mfuko huo na kuuandika mjomba alipokuwa Masasi. Ndipo mzee akachukua kalamu, akauandika upya kwa mkono wake.

Clark na Chalmers wanataja sifa nne za daftari la Otto: liko naye daima, hulifikia bila taabu, huyaamini yaliyomo papo hapo, na yamo kwa sababu aliwahi kuyakubali mwenyewe. Sifa hii ya nne wao wenyewe wanakiri kwamba inabishaniwa. Pale barazani niliona kwamba ndiyo iliyobeba uzito wote, kwani mistari yote miwili ilikuwa mfukoni mwake, lakini wa kwanza aliusoma kama mtu anayekumbuka, na wa pili kama mtu anayeletewa habari.

Wapo wanaopinga nadharia nzima, wakiwemo Fred Adams na Ken Aizawa, kwa hoja kwamba kitu kusaidiana na akili hakukifanyi kuwa sehemu yake. Hoja hiyo ni nzito, ila haielezi kwa nini mjomba aliitofautisha mistari ile.

Simu nayo, kwa kipimo hicho cha sifa ya nne, haiwezi kuhukumiwa kwa ujumla. Namba ya dada niliyoihifadhi mwenyewe naipiga bila kujiuliza. Ujumbe unaosema "ile pesa tuma kwenye namba hii" umo ndani ya simu ileile, naufungua kwa urahisi uleule, na hakuna mwenye akili timamu anayeuchukua kuwa wazo lake.