Siku niliyokuwa jaji, Gulliver akanigeuka

Mwaka 2018 nilikuwa mwaka wa nne wa sheria, Nairobi, na nilikuwa nimeondolewa kwenye timu ya mahakama ya mazoezi, yale mashindano ambayo wanafunzi wa sheria wanabishania kesi ya kubuni mbele ya jaji. Kocha alisema nasoma karatasi kama mtangazaji wa taarifa ya habari na simwangalii jaji usoni hata mara moja, na sikuwa na la kujitetea maana ni kweli, lakini niliumia. Wiki mbili baadaye akanikuta kantini nakula chapati na madondo akaniambia basi wewe njoo ukae kiti cha jaji, timu inaondoka Jumatatu na bado haijapata mtu wa kuisumbua. Nikamuuliza niisumbue kiasi gani. Akasema wasimalize sentensi mbili.

Kesi yenyewe ilikuwa ya wajibu wa wakurugenzi. Kampuni ya malori ya friji, inabeba maua kutoka Naivasha mpaka uwanja wa ndege. Bodi inaletewa nafasi ya kununua stoo ya baridi pale Naivasha kwa shilingi milioni 40, wanaitaka sana, wanaenda benki, benki inakataa mkopo, wanaachana nayo. Mkurugenzi mmoja anajiuzulu. Miezi miwili baadaye kampuni ya mke wake inainunua ile stoo kwa bei ileile, miezi minane mbele inaiuza milioni 52. Kampuni ya malori inamshtaki yule mkurugenzi, inataka zile milioni 12. Timu yetu siku hiyo ilikuwa upande wa mkurugenzi, yaani upande mgumu.

Nililala saa nane usiku nikiandika maswali. Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2015, kifungu cha 146, inamtaka mkurugenzi akae mbali na hali yoyote ambayo maslahi yake yanagongana au yanaweza kugongana na ya kampuni, na inataja hasa mali, taarifa na nafasi za biashara, halafu inaongeza kitu ambacho wanafunzi wengi wanakipita mbio: haijalishi kama kampuni yenyewe ingeweza kuitumia hiyo nafasi au la. Hapo ndipo nilipanga kuwashika, kwa sababu nilijua hoja yao kubwa itakuwa ati kampuni haikuwa na pesa.

Na silaha yangu ya pili ilikuwa kesi ya Regal Hastings dhidi ya Gulliver, ya Uingereza, iliyoamuliwa 1942. Regal ilikuwa na ukumbi wa sinema ikataka kukodi mbili zaidi kupitia kampuni tanzu. Mwenye majengo akasema kampuni hiyo tanzu lazima iwe na mtaji wa pauni 5,000 uliolipwa. Regal ilikuwa na uwezo wa pauni 2,000 tu. Wakurugenzi wanne wakatoa mfukoni mwao pauni 500 kila mmoja, wakili wa kampuni 500, na mwenyekiti, ndiye Gulliver, akatafuta watu wa nje wakatoa 500 zilizobaki. Mambo yakaenda vizuri, hisa za kampuni tanzu walizonunua kwa pesa hizo zikauzwa kwa faida ya karibu pauni 3 kwa kila moja, Regal ikapata wamiliki wapya na hao wamiliki wapya wakawashtaki wakurugenzi wa zamani. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, na bado wale wanne waliamriwa kurudisha faida, kwa sababu waliipata kwa kuwa wakurugenzi na wanahisa hawakuwahi kuombwa ruhusa.

Jumamosi nikafika darasa la ghorofa ya tatu nimevaa joho la mahafali la binamu yangu, refu kiasi cha kufagia sakafu. Kushoto kwangu alikaa kocha, kulia msichana wa mwaka wa pili mwenye saa ya simu na vibao vya dakika. Kila msemaji dakika 15. Wote wanazungumza Kiingereza bila shaka, hapa natafsiri tu, na wananiita mailodi, mimi mtu ambaye asubuhi hiyo nilikuwa nimekopa nauli.

Msemaji wa kwanza, kijana mmoja mwenye sauti nzuri sana, akaanza kwa utulivu, mheshimiwa tuna hoja mbili, ya kwanza kwamba kampuni haikuwa na uwezo wa kifedha… Nikamkata. Wakili, kifungu kinasema uwezo wa kampuni unahusika? Akasema atalifikia baadaye. Nikamwambia lifikie sasa. (Hilo nililipenda mno, nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni.) Akaanza kupekua karatasi, na ukiona wakili anapekua karatasi baada ya swali la kifungu ujue hajakisoma, amesoma muhtasari. Mwishowe akasema kifungu kinasema haijalishi, lakini hapa bodi ilikuwa imekwisha kuikataa nafasi. Nikamuuliza bodi iliikataa au ilishindwa kuilipia? Kimya. Ni vitu viwili tofauti, bodi iliyosema hatuitaki tena, mwenzetu ukitaka chukua, imetoa idhini, na kifungu chenyewe kinaruhusu idhini ya bodi mradi kura ya mwenye maslahi isihesabiwe. Bodi iliyonyimwa mkopo haijaidhinisha chochote, bado inatamani.

Akakimbilia kujiuzulu. Alishajiuzulu, mheshimiwa. Nikamuuliza bei ya milioni 40 aliijua akiwa amekaa wapi? Akajibu, kwenye bodi. Basi taarifa aliipata akiwa mkurugenzi, na kujiuzulu hakumfutii wajibu kwa nafasi aliyoijua akiwa ndani. Nikamkumbusha Cooley, kesi ya 1972, yule mkurugenzi aliyesingizia ugonjwa ili aachiliwe akachukue kandarasi binafsi, mahakama ikaona uwezekano wa kampuni yake kuipata hiyo kandarasi ulikuwa asilimia 10 tu na bado akarudisha faida yote. Yaani mimi ndiye niliyekuwa nahutubia sasa. Nilimeza dakika mbili nzima za kijana wa watu nikimfundisha kesi, na kocha akanikanyaga mguu chini ya meza.

Halafu nikamtegea mtego wangu. Wakili, katika Regal, Gulliver aliamriwa kulipa kiasi gani? Akafikiri kidogo akasema faida ya hisa zake, mheshimiwa. Nikatabasamu kama fisi. Gulliver hakulipa hata senti. Jina lake ndilo liko kwenye kesi lakini aliponea, kwa sababu hisa zile zilinunuliwa na watu wa nje kwa pesa zao wenyewe, yeye binafsi hakupata faida. Wakili wa kampuni pia aliponea, alinunua kwa ombi la wakurugenzi wenyewe. Walioumia ni wale wanne wengine. Kijana akakaa chini na dakika moja kibindoni, uso umemshuka, na mimi nikajiona jaji wa Mahakama ya Rufani kabisa.

Msemaji wa pili alikuwa dada wa Kitui, mpole, karatasi moja tu mkononi. Kazi yake ilikuwa suala la zile milioni 12. Akaanza hivi: Mheshimiwa, naishukuru mahakama kwa kutukumbusha habari za Gulliver, maana ndiye hoja yangu ya kwanza.

Moyo ukaruka. Akaendelea taratibu, Gulliver aliponea kwa sababu faida haikuingia mfukoni mwake, ilienda kwa walionunua hisa. Mteja wangu hana hata hisa moja katika kampuni ya mke wake. Stoo ilinunuliwa na kampuni ile, ikauzwa na kampuni ile, na milioni 12 ziko kwa kampuni ile, ambayo haijashtakiwa hapa. Kama kuna mtu wa kufanana na Gulliver kwenye kesi hii, ni mteja wangu.

Sikuwa na swali. Karatasi yangu ya benchi ilikuwa na maswali 19 na hakuna hata moja lililofika hapo. Kocha ananitazama, dada ananitazama, msichana wa saa ananitazama. Nikasema endelea wakili, neno ambalo jaji mkali hatakiwi kulisema, na yeye akaendelea vizuri tu, akanipitisha kwenye rejesho la faida, kwamba anayedaiwa faida ni aliyeipata. Mimi nikainamisha kichwa na kuanza kupindua kurasa za kesi nikijifanya natafuta kitu.

Ukurasa wa tatu, mstari mdogo kabisa kwenye maelezo ya ukweli wa kesi. Arubuni ya asilimia 10 ya bei ya stoo ililipwa kutoka akaunti ya mjibu maombi, yaani yule mkurugenzi.

Nikauliza, safari hii sauti yangu ya kawaida, ile nzito nimeisahau. Wakili, watu wa nje wa Gulliver walilipa kwa pesa za nani? Akasema zao. Nikauliza, na hapa zile milioni 4 za kwanza zilikuwa za nani?

Akaangalia karatasi yake ile moja. Nilimwona kidole kikishuka mstari kwa mstari kikasimama. Nilikuwa nataka kuongeza kitu, ulimi ulikuwa umeshafika mlangoni, lakini mguu wa kocha bado ulikuwa juu ya wangu, nikanyamaza, na kimya hicho kikawa kirefu mpaka kibao cha dakika tano kikainuliwa.

Akasema, mheshimiwa, huo ndio ugumu wa upande wangu na siwezi kuukwepa. Zilikuwa za mteja wangu. Lakini naomba mahakama izione kama mkopo kwa mke, ukweli wa kesi hausemi kama zilirudishwa, na kama mahakama haitakubali mkopo, basi hoja yangu inarudi nyuma hatua moja, kwamba anachoweza kudaiwa ni sehemu inayolingana na pesa alizoweka, moja ya kumi ya faida, milioni 1 na laki 2, si milioni 12.

Sina uhakika jaji halisi angemkubalia. Mtu angeweza kumrudisha kifungu cha 146, kwamba maslahi yanayokatazwa ni ya moja kwa moja na ya kupitia pembeni pia, na mke ni pembeni ya karibu sana. Ila sikuwaza hayo pale. Nilichowaza ni kwamba amekubali kupoteza kipande ili abaki na kesi, wakati mimi miezi yote kwenye timu nilikuwa nikiulizwa swali kama hilo nasoma aya inayofuata kwa sauti kubwa zaidi.

Baadaye tukiwa tunapanga viti kocha akaniuliza hilo swali la arubuni nilikuwa nimelihifadhi tangu lini. Nikamwambia tangu jana usiku. Yule dada alikuwa karibu anakunja joho langu, akacheka akasema, kaka, wewe ulikuwa unakwepa kunitazama tu.